Prompti ya ukumbi kwa ajili ya potifolio: meza, vitambaa na taa za steji vinagombana ndani ya picha moja

Mpambaji_Moro

Habari za jioni wakuu. Nafanya mapambo hapa Morogoro. Kazi zangu nyingi ni vipaimara, kitchen party na send-off za watu themanini hadi mia. Nataka kuanza kuomba kazi kubwa, na kila nikienda kwa mteja ananiuliza, "Hebu tuone ukumbi wa watu 200 uliopamba." Sina. Nimeamua kutengeneza picha za mawazo yangu kwa akili mnemba niziweke kwenye potifolio. Natumia Midjourney. Prompti yangu ndiyo hii:

```
luxury wedding hall, 25 round tables, gold plates, flowers, candles, white and gold draped ceiling, stage with purple lights, chandelier, 8K, ultra realistic, masterpiece
```

Ukiitazama kwenye simu kwa mbali inapendeza. Ukiikuza, uma zimeota kwenye sahani, viti vingine vina miguu mitatu, vitambaa vinaning'inia bila kushikwa na kitu, na dhahabu imemwagika mpaka kwenye maua. Steji iko huko mwisho kama taa ya baa. Nimerudia mpaka nimechoka. Nirekebishe nini?

Kaka_Pikseli

Dada, prompti yako ni fupi sana ndiyo maana. Ongeza maneno ya ubora: cinematic, award winning, hyper detailed, shot on full frame camera. Halafu uwe unaandika kwa Kiingereza tu, hapo uko sawa. Ukipata picha iliyokaa vizuri, chukua seed yake, yaani namba ambayo mashine ilianzia kuchora picha hiyo, uiweke kwenye prompti zinazofuata, utapata ukumbi uleule huku ukibadilisha rangi za mapambo.

Mwenyekiti_wa_Kamati

Samahani naingilia. Huo ukumbi wa watu 200 uko Morogoro sehemu gani na wanakodisha shilingi ngapi? Tuna harusi ya kijana wetu na kamati imeshaanza vikao.

Mpambaji_Moro

Mzee wangu shikamoo. Ukumbi huo haupo, ni picha ya kompyuta. Ila ukihitaji mpambaji nipo 😄

Shangazi_Turubai

Mdogo wangu, nimefanya mapambo miaka mingi, na hizi picha natumia kuwaonyesha kamati kabla hawajatoa pesa. Kaka Pikseli yuko sawa kwenye Kiingereza, maana zana hizi zimefundishwa kwa picha zenye maelezo mengi ya Kiingereza. Kwenye maneno ya ubora hayuko sawa. "Masterpiece" na "8K" hazisemi chochote kuhusu ukumbi wako. Zinasukuma picha iende kwenye mng'ao wa matangazo, na huo mng'ao ndio umemwaga dhahabu kila mahali. Umeandika "gold" mara mbili, "luxury" mara moja na "chandelier" juu yake. Kwa mashine hayo yote ni rangi moja.

Tatizo kubwa liko kwenye kamera. Umeomba vitu vitatu ambavyo mpiga picha halisi hawezi kuvipiga vizuri akiwa amesimama mahali pamoja. Sahani na uma zinataka kamera iwe karibu, kwenye usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Vitambaa vya dari vinataka kamera iwe mlangoni, ione kuta zote mbili. Steji inataka kamera iliyonyooka mbele yake. Ukiviomba pamoja, mashine inasimama mbali ili kila kitu kiingie, na kwa umbali huo kila sahani inapata nafasi ndogo sana kwenye picha. Uma lazima ziote kwenye sahani.

Na hiyo "25 round tables" isahau. Mashine haihesabu. Itakuletea meza nyingi, basi.

Gawa picha tatu. Anza na meza moja:

```
close photo of one round banquet table for eight, seated eye level, plain white floor-length tablecloth, white plates, folded sage green napkins, one low vase of white roses, clear water glasses, warm candlelight, other tables out of focus --ar 3:2 --style raw --no text, people
```

Angalia kila rangi imekaa na kitu chake: kitambaa cheupe, leso ya kijani, waridi jeupe. Hakuna rangi inayozurura. Hiyo `--style raw` inaipunguzia Midjourney ile tabia ya kurembesha kila kitu.

Mpambaji_Moro

Shangazi asante sana. Nimejaribu sasa hivi. Leso zimekaa, glasi ni glasi. Ila ameweka uma tatu na visu viwili kila sahani, kama hoteli ya mabalozi.

Shangazi_Turubai

Hapo ndipo potifolio nyingi zinapojichoma. Jiulize wageni wako watakulaje. Send-off nyingi za kwetu ni bufee: mgeni anapanga mstari, anachukua sahani na uma kule kwenye chakula, anarudi nayo mezani. Mezani kwenye ukumbi halisi utakuta sahani ya mapambo, leso, glasi, chupa ya maji, labda soda. Ukionyesha uma tatu umeahidi huduma ya kuletewa chakula mezani, yenye wahudumu na vyombo vya kukodi. Mteja hajui tofauti, anaona picha tu. Siku ya siku atakuuliza, "Zile uma ziko wapi?"

Toa neno "banquet", maana lenyewe linaita vyombo. Andika "one flat decorative plate with a folded napkin on it at each seat", na kwenye `--no` ongeza cutlery. Usiandike "no cutlery" ndani ya sentensi. Mashine inaweza kulishika neno cutlery na kukuletea vilevile.

Kitambaa nacho kina hesabu. Meza ya duara ya wageni wanane ina upana wa futi 5, yaani inchi 60, na urefu wake kutoka sakafuni ni kama inchi 30. Ili kitambaa kifike chini pande zote unahitaji duara la inchi 120. Kama stoo yako ina vya inchi 90, kitaishia katikati ya miguu. Sasa kama picha inaonyesha kitambaa kimegusa sakafu na wewe una vya 90, hiyo siyo kazi yako, ni kazi ya mtu mwingine.

Binti_wa_Kibokoni

Nami nipo Mombasa, na nyinyi mnalalamika mna picha chache! Kazi yangu kubwa ni siku ya kupamba, ambayo ni ya wanawake peke yao. Simu zakusanywa mlangoni. Nimepamba majukwaa ya bibi harusi ambayo nikikumbuka natamani kulia, wala sina hata picha moja ya kuonyesha, kwa sababu familia haitaki. Kwangu mimi hii akili mnemba yanisaidia kuchora upya kitu nilichokifanya kweli.

Lakini ikiwa nitaandika "Swahili wedding" au "African wedding", yaniletea kuta za udongo, vikapu na nguo za batiki. Nani apamba bibi harusi Mombasa kwa vikapu? Nikiandika "Arab wedding" yaniletea kasri. Nifanyeje?

Shangazi_Turubai

Bibie, usitaje kabila wala bara. Taja vitu. Sakafu ya vigae, dari ya jipsamu, feni za ukutani, madirisha ya vioo yenye mapazia meupe, kochi la watu wawili, zulia jekundu katikati. Ukitaja vitu kumi vya ukumbi wako, mashine haina nafasi ya kuchomeka vikapu.

Kaka_Pikseli

Sawa nimekubali kwenye maneno ya ubora. Lakini seed inafanya kazi, mimi naitumia kila siku.

Shangazi_Turubai

Inafanya kazi pale prompti inapobaki ileile au ikiguswa kidogo sana. Ukibadilisha "white roses" kuwa "orange marigolds" na steji ikasogea, huo siyo ukumbi uleule tena. Ukitaka ukumbi usibadilike, piga picha halisi ya ukumbi ukiwa mtupu, ipandishe kwenye zana yenye sehemu ya kuhariri, kisha paka eneo la dari peke yake na uandike vitambaa unavyotaka. Kuta, milango na nguzo zinabaki kama zilivyo. Faida ya pili ni kwamba unaanza na urefu wa dari ulio wa kweli. Prompti tupu hupenda kukupa dari ndefu kama kanisa kuu.

Mpambaji_Moro

Kuna ukumbi hapa jirani najua vipimo vyake, mita 12 kwa 20, dari kama mita 4. Nilitaka ringi katikati ya dari, vitambaa vitoke pale kwenda kila upande kama jua. Kwenye picha imetoka nzuri kupita kiasi.

Shangazi_Turubai

Imetoka nzuri kwa sababu mashine imekuchorea chumba cha duara au mraba. Tuchukue ukumbi wako huo. Kutoka ringi ya katikati kwenda ukuta wa pembeni ni mita 6. Kutoka ringi hiyohiyo kwenda kwenye kona ni karibu mita 12, mara mbili. Kitambaa cha mita 6 kinakaa na mkunjo mzuri. Cha mita 12 kinalegea katikati, na dari yako ni mita 4 tu, kwa hiyo tumbo la kitambaa linashuka juu ya vichwa vya wageni. Ukikivuta kiwe kimekaza, kinaonekana kama kamba na kinavuta misumari ya watu.

Kwa ukumbi mrefu wa namna hiyo, tumia ringi mbili, au achana na jua, upitishe vitambaa kwa upana, ukuta kwa ukuta. Upana ni mita 12, ukiongeza tumbo na sehemu ya kufungia weka 13 kwa kila mstari. Mistari saba yenye nafasi kati yake ni mita 91 za kitambaa. Na ukitaka kijae mikunjo, kila mstari unaouona una upana wa mita moja na nusu umetumia kitambaa cha mita 3. Wasiojua hununua nusu yake, kinakuwa kama shuka lililoanikwa.

Prompti yake:

```
wide photo of a low rectangular hall, camera at the entrance, seven white voile swags crossing the ceiling from wall to wall, each end tied to a rail at the top of the wall, gentle sag, bare cream walls, tiled floor, even light --ar 16:9 --style raw --no chandelier, people
```

Saba haitatoka saba, usihangaike nayo. Maneno yanayobeba mzigo ni "tied to a rail at the top of the wall". Yanaipa mashine mahali pa kufungia. Na wewe pia utajua unatakiwa kuuliza ukumbi kama wanaruhusu kufunga reli ukutani au utasimamisha nguzo zako mwenyewe.

Mwenyekiti_wa_Kamati

Mimi ukumbi wa mita 12 kwa 20 naujua. Tuliweka watu 200 kwenye harusi ya binti wa kaka yangu, na nafasi ya kucheza ilibaki.

Shangazi_Turubai

Mzee, mlitumia meza za duara?

Mwenyekiti_wa_Kamati

Hapana, viti vya mistari, meza kuu mbele na meza za wazazi.

Shangazi_Turubai

Ndiyo hapo. Kwa mistari wanaenea. Kwa meza za futi 5 za watu wanane, ukihesabu viti na njia ya mhudumu, kila meza inakula kama mita 3 kwa 3, yaani mita za mraba 9. Meza 25 ni mita 225. Ukumbi mzima ni 240. Imebaki 15 za steji, bufee, keki, dijei na maharusi kucheza. Haiwezekani. Mimi ukumbi huo ningeweka meza 16, watu 128, nafasi iliyobaki ipumue. Ile picha ya kwanza ya mpambaji wetu ilikuwa na meza zilizojaa, steji kubwa, na bado sakafu tupu ya kuchezea. Kamati ikiipenda hiyo, umeuza ukumbi usiokuwepo.

Mpambaji_Moro

Mimi nabana mita 2.7, wageni wetu hawana shida.

Shangazi_Turubai

Ukibana hivyo meza 25 zinakula kama mita 182, zinabaki 58. Zinaingia kwenye karatasi. Subiri mama mwenye kitenge na mkoba aanze kupita nyuma ya viti na sahani mkononi.

Fundi_Taa_Mwanza

Naona hamjafika kwenye steji, niseme yangu. Hizo "purple lights" ndizo zinazoharibu kazi za watu. Zambarau ya LED kwenye uso wa maharusi inageuza ngozi yetu kuwa kijivu, na mpiga picha halafu anakuja kugombana na mimi. Rangi iweke kwenye kitambaa cha nyuma, ipige kutoka chini kwenda juu. Usoni weka nyeupe ya joto, kama 3000K, ikitoka mbele kwa juu, pembeni kulia na kushoto. Ukumbini taa za kawaida mara nyingi ni nyeupe ya baridi, 6000 na kitu. Zikibaki zinawaka, kila kitu nilichopanga kinafifia, kwa hiyo mwambieni mwenye ukumbi azizime upande wa mbele.

Kingine, picha zenu zote zina miale ya taa inayoonekana hewani. Miale haionekani hewani hivihivi. Lazima kuwe na mashine ya ukungu. Mteja akileta picha ya miale, mimi naandika bei ya mashine na maji yake, na namuuliza kama ukumbi una vihisi moshi. Kuna mahoteli king'ora kitalia na tafrija imeishia hapo.

Shangazi_Turubai

Fundi umesema vizuri. Ya steji basi iwe hivi:

```
straight-on photo of a low wedding stage, cream sofa for two, pleated ivory backdrop lit from the floor in soft amber, warm white front light on the sofa, rest of the room dark --ar 3:2 --style raw --no light beams, haze, text, people
```

Na hapa vitambaa viwe mbali na taa za halojeni. Kwenye picha hazina madhara, kwenye ukumbi zinachoma.

Mpambaji_Moro

Nimefanya zote tatu. Steji imetoka vizuri kuliko zote, ile mikunjo ya nyuma imechukua rangi kuanzia chini na kufifia juu, kama taa halisi. Ila meza ina waridi jeupe bichi na steji imekuja na maua mekundu ambayo sikuandika. Haionekani kama sherehe moja.

Kaka_Pikseli

Hapo nina la kusema la maana. Tumia `--sref` ukiweka kiungo cha picha ya meza, itabeba rangi na hali ya mwanga kwenda kwenye zingine. Na andika maua kwenye kila prompti hata kama si muhimu, usiiachie mashine ijaze yenyewe.

Mpambaji_Moro

Imekubali kwa kiasi. Mwanga sasa unafanana, maua bado yanatofautiana aina. Swali la mwisho: kwenye potifolio niandike kwamba ni za akili mnemba? Nikiandika naogopa mteja atasema sijawahi kufanya kazi.

Kaka_Pikseli

Usiandike. Nusu ya kurasa za mapambo huko Instagram ni picha za watu wengine, nani anauliza?

Binti_wa_Kibokoni

Mimi nitaandika "mchoro wa kazi", kwa sababu kazi niliifanya kweli. Si uongo huo.

Shangazi_Turubai

Kwako Binti ina utata, maana mchoro si kazi yenyewe, na mteja atadhani ameona ukumbi. Kwa mpambaji wetu haina utata: andika "pendekezo" kwenye picha yenyewe, siyo kwenye maelezo, maana ikitumwa WhatsApp maelezo yanabaki nyuma. Kurasa za kazi halisi ziwe mbele, mapendekezo yawe na sehemu yake peke yake, na chini ya kila pendekezo weka vipimo: ukumbi gani, meza ngapi, kitambaa mita ngapi, taa zipi. Mteja akiona mita 91 anajua unajua unachofanya, hata kama hujawahi kupamba watu 200.

Kaka_Pikseli

Atakimbilia kwa asiyeandika. Ngoja uone.

Fundi_Taa_Mwanza

Wengine watakimbia kweli. Lakini mimi kazi nyingi za kugombana na mteja zimeanzia kwenye picha ya simu ambayo hakuna aliyesema ni ya nini.

Mwenyekiti_wa_Kamati

Mpambaji, hilo pendekezo la meza 16 lenye vitambaa vya ukuta kwa ukuta nitumie inbox na bei yake. Ila sisi ni watu 180.

Mpambaji_Moro

Shikamoo tena mzee. Basi tuongee kwanza kuhusu meza za duara kwa wazazi na ndugu wa karibu, waliobaki viti vya mistari. Nakutumia leo usiku, nikishapima upya na steji ya kwenu.